Mpwa wangu katokea mara mbili, mjomba hayumo kabisa: panorama inavyodanganya macho

Picha niliituma kwenye grupu la ukoo saa tatu usiku, na kabla sijaiweka simu kwenye chaji maneno yalikuwa yameshaanza. Ilikuwa picha ndefu ya Jumapili ile tuliyokwenda Coco Beach, watu kumi na tisa wamesimama mstari mmoja, bahari nyuma yao. Kushoto kabisa, mpwa wangu wa miaka tisa kamshika bibi yake mkono, katulia kama yuko kanisani. Kulia kabisa, mpwa huyohuyo, fulana ileile ya njano, katoa ulimi.

Shangazi akauliza kama mtoto ana pacha tuliyemficha. Binamu yangu, ambaye kila picha kwake ni feki mpaka ithibitishwe, akasema nimeichezea. Mama mdogo aliandika neno moja tu: "Mwombeeni." Halafu mjomba, ambaye alikuwa amesimama nasi muda wote na alichangia mafuta ya gari, akagundua kwamba yeye hayumo.

Sikuchezea chochote, na mtoto hana pacha. Hiyo ndiyo kazi ya panorama ilivyo, na kwa kuwa maelezo niliyoyatoa kwenye grupu yalizama chini ya stika za kucheka, nayaandika hapa kwa utulivu.

Panorama ni ule utaratibu wa kamera ya simu, kwenye skrini umeandikwa Panorama au Pano, ambapo unashika simu wima na kuizungusha taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine ili upate picha pana kuliko lenzi inavyoweza kuona kwa mara moja. Wengi wetu tunadhani simu inafungua jicho kubwa na kuona kila kitu pamoja. Haioni kila kitu pamoja. Unapoizungusha, inapiga picha nyingi mfululizo, na kutoka kila picha inachukua kipande chembamba cha wima, hasa cha katikati, kisha inavibandika vipande hivyo ubavu kwa ubavu.

Aliyewahi kumwona bibi akitengeneza mkeka ataelewa mara moja. Mkeka haufumwi wote kwa pamoja. Kwanza zinasukwa shupatu, zile tepe ndefu za ukindu, halafu tepe zinaunganishwa moja baada ya nyingine mpaka mkeka upate upana. Shupatu ya kwanza ilisukwa Jumatatu, ya mwisho Ijumaa, lakini mkeka ukishatandikwa unauona ni kitu kimoja. Panorama nayo ni mkeka, ila tepe zake ni nyakati. Ukingo wa kushoto wa picha yangu na ukingo wa kulia vimepishana sekunde kumi na mbili, na sekunde kumi na mbili kwa mtoto wa miaka tisa ni muda mrefu sana.

Sasa fikiria unachungulia nje kupitia ufa wa mlango, na ufa wenyewe unasogea kutoka kushoto kwenda kulia. Kila kitu unakiona kwa muda ule tu ufa unapokipita. Mti hauna shida, upo palepale. Lakini mtu anayetembea naye anasogea, na hapo kinachoamua atakavyotokea ni mbio zake zikilinganishwa na mbio za ufa.

Akitembea kuelekea upande uleule unaozungusha simu, ufa unachelewa kumpita. Kila kipande kipya kinamkuta bado yumo, kwa hiyo anabandikwa tena na tena: tumbo refu kama la mjusi, au miguu minne, au watu watatu wenye sura moja wamefuatana. Akitembea kinyume, wanapishana upesi, naye anatoka mwembamba kama ametoka kuugua. Basi lile refu la mwendokasi, lenye kiungo katikati, likipita kinyume na mzunguko wako linaweza kutoka fupi kama daladala. Likienda upande wako linarefuka mpaka unajiuliza lina milango mingapi.

Kutokea mara mbili kwa usafi kabisa, kama mpwa wangu, kunataka kitu kimoja zaidi: mtu asimame, apigwe, awahi mbele ya ufa bila kuonekana njiani, kisha asimame tena ausubiri. Ujanja huu si wa leo. Mwaka 1904 huko Marekani ilipewa hataza kamera ya Cirkut, iliyojizungusha juu ya miguu yake kwa mtambo kama wa saa huku filamu ikipita nyuma ya mwanya mwembamba. Ilitumika sana kupigia picha za makundi makubwa, yakiwemo ya wanafunzi, na vijana watundu wakagundua kwamba ukisimama mwisho wa mstari, kamera ikishakupita ukakimbia nyuma ya wenzako hadi mwisho wa pili, unatokea kote kuwili. Mpwa wangu hakuwahi kusikia habari za Cirkut. Alichoka tu kushikwa mkono.

Kuna jambo hapa linalowachanganya hata wapigapicha wazoefu. Mtu hudhani kitu chenye kasi kubwa ndicho cha kuogopa. Simama pale Kivukoni, upande wa bahari, uelekee Kigamboni. Mbele yako pantoni linakata maji. Karibu yako, mita mbili na nusu hivi, anapita mama na beseni la samaki kichwani akitokea Feri, hana haraka yoyote. Ukizungusha simu, nani ataharibika?

Tupige hesabu kidogo, haiumi. Tuseme unazungusha nyuzi 150, pungufu kidogo ya nusu duara, kwa sekunde kumi. Ufa wako basi unakwenda nyuzi 15 kwa sekunde. Pantoni likiwa mita 300 mbele yako na likienda mita tatu kwa sekunde, kwa jicho lako linasogea kama nusu ya nyuzi moja tu kwa sekunde. Ufa unalipita kana kwamba limetia nanga. Yule mama anatembea mita moja na robo hivi kwa sekunde, ila yuko karibu, kwa hiyo kwa jicho lako anasogea karibu nyuzi 30 kwa sekunde, mara mbili ya ufa. Huyo ndiye atakayekatika kiwiliwili. Angekuwa mita tano angekwenda sambamba na ufa wako, yaani akitembea upande wako angesafiri nao na kujaza picha. Akiwa mita 20 anashuka hadi chini ya nyuzi nne, na hapo utahitaji kukuza picha ili ugundue kuwa amenenepa kidogo.

Kwa hiyo swali si kitu kinakimbia kiasi gani, ni kinavuka macho yako kwa upesi gani. Na kipimo unacho mwilini. Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi: upana wa ngumi hiyo ni takriban nyuzi 10. Mtazame mpita njia. Kama kwa sekunde moja anavuka ngumi moja na nusu au zaidi, panorama yako haitamweza. Akichukua sekunde tatu nne kuvuka ngumi moja, endelea tu.

Nimesikia maelezo mengi ya kwa nini watu wanatokea mara mbili, na mengine yana gharama. Jamaa mmoja alishauriwa pale Kariakoo anunue simu yenye kamera ya megapikseli nyingi zaidi. Megapikseli ni wingi wa vidoti vinavyounda picha, vinaongeza ukali wa picha, lakini havibadili ukweli kwamba kushoto kumepigwa kabla ya kulia. Angetoka na watu wawili, wote wakali. Simu za bei hujitahidi kuchagua mshono upite mahali pasipo na mtu, na mara nyingi zinafanikiwa, hasa kwa mtu aliyejitikisa kidogo. Ila hakuna mshono unaoweza kujua kwamba mtoto wa kushoto na mtoto wa kulia ni mmoja. Simu imemwona kweli, mara mbili, kwenye sehemu mbili.

Dhana ya pili ni hii ya "zungusha polepole kabisa ndiyo salama". Hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo iliyoniponza. Simu ikikuandikia Slow Down inakuonya kwamba picha zitatoka na ukungu au vipande havitashikana. Lakini haina maana kwamba ukitambaa kama kinyonga utapata picha bora. Kila sekunde unayoiongeza ni sekunde ya watu kuhama. Pale Coco Beach nilizungusha kwa makini mno, nikijisifu moyoni. Mstari wetu ulikuwa na upana wa mita nane, nami nilisimama mita nne mbele yake, maana yake nilikuwa na nyuzi 90 tu za kuzungusha. Kwa mwendo wa kawaida hizo ni sekunde sita. Mimi nilitumia kumi na mbili.

Kutoka mwisho wa kushoto, kuzunguka nyuma ya mgongo wangu, hadi mwisho wa kulia ni kama mita kumi na mbili. Mita kumi na mbili kwa sekunde kumi na mbili! Hata kukimbia hakuhitaji. Angeweza kutembea, akasimama kuangalia kaa, akafika na muda wa kutoa ulimi. Kasi nzuri, kwa hiyo, ni ile ya juu kabisa ambayo simu inaikubali bila kulalamika, na iwe moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Na mjomba? Mjomba ni upande wa pili wa jambo hilohilo, ingawa watu hawaongelei sana kwa sababu mtu asiyekuwepo hachekeshi. Yeye alisimama kulia, karibu na mwisho. Ufa ulipokuwa umeshampita bibi na kufika katikati, aliona jua linamchoma mama yake, akachukua mwavuli akapita nyuma yangu kumpelekea. Alitoka sehemu ambayo haijapigwa akaingia sehemu ambayo imeshapigwa. Ufa ulipofika kwenye nafasi yake ulikuta mchanga na makubadhi yake aliyokuwa ameyavua. Mtoto alikwenda na mzunguko, akapata nafasi mbili. Mjomba alikwenda kinyume, akakosa hata moja. Binamu yangu alidai hii inathibitisha nimemfuta kwa makusudi kwa ajili ya lile deni, lakini hayo ni mambo mengine.

Dawa niliyoichukua baada ya fedheha hii ni tatu, na ya kwanza ni aibu kidogo: picha ile haikuhitaji panorama. Lenzi ya kawaida ya simu nyingi, ukiilaza simu, inaona karibu nyuzi 70 kwa upana. Mstari wa mita nane unaenea humo ukiwa umesimama mita sita. Mimi nilikuwa mita nne. Hatua tatu kurudi nyuma, nne kama unataka nafasi pembeni, simu nikailaza, nikabonyeza mara moja: watu kumi na tisa kwa wakati mmoja, mtoto mmoja, mjomba yumo. Kama huna pa kurudi nyuma, labda uko sebuleni au kwenye ukumbi wa sherehe, simu nyingi zina lenzi pana iliyoandikwa 0.5 au 0.6. Hiyo inavuta sura za pembeni kidogo, ila haimzalishi mtu. Ushauri wangu kwa picha za watu ni kwamba panorama iwe ya mwisho kufikiriwa, baada ya kurudi nyuma kushindikana.

Ya pili ni kuchagua upande wa kuzungusha. Mahali penye mkondo wa watu, mfano pantoni likishusha abiria Kivukoni na umati wote unatembea upande mmoja, zungusha simu kinyume cha umati. Watatoka wembamba, lakini anayetembea kinyume na ufa akishapishana nao ameenda, hawezi kukutana nao tena. Kwenye iPhone unagusa ule mshale ulio juu ya mstari nao unageuka upande. Simu nyingi za Android, za Samsung zikiwemo, zinafuata tu upande unaoanza kuelekea. Au subiri. Umati wa pantoni unakuja kwa mawimbi, na kati ya wimbi na wimbi kuna dakika chache ambapo wamebaki wauza karanga na watu waliochelewa. Dakika hizo zinatosha panorama kumi.

Ya tatu ni mpangilio wa watu, pale ambapo kweli huna budi. Wasiotulia waweke mwisho wa mzunguko, sio mwanzo. Mtoto aliyepigwa kwanza ana muda wote uliobaki wa kukutangulia. Aliyepigwa mwisho hana pa kwenda, picha imeisha. Mpe mtu mzima amshike, kwa sababu akiponyoka kabla ufa haujafika atapotea kama mjomba. Halafu panga watu kwa upinde, wakuzunguke kidogo kama mwezi mchanga, badala ya mstari ulionyooka. Katika mstari wetu, wa katikati walikuwa mita nne kutoka kwangu na wa pembeni karibu mita sita, ndiyo maana shangazi aliyekuwa katikati ametoka mkubwa kuliko wote na mstari umevimba kama tumbo. Alilalamikia hilo zaidi kuliko la pacha. Na hakuna anayesogea mpaka mpigapicha aseme "tayari", maana mstari mzima unaiona simu imeshawapita na unadhani kazi imekwisha.

Kosa moja jingine lazima nilitaje kwa sababu linafanana na hili na watu huwalaumu wapita njia bure. Kuna wakati nguzo au reli ya chuma inatokea mara mbili, na nguzo haitembei. Hapo aliyetembea ni wewe. Ukinyoosha mikono na kuizungusha simu kwa mabega, simu inasafiri kwenye duara kubwa, na vitu vya karibu vinahama mbele ya vitu vya mbali, kama kidole chako kinavyohama ukifumba jicho moja kisha jingine. Isogeze simu karibu na kifua, viwiko vibane mbavuni, kisha geuka kwa miguu hatua ndogondogo huku simu ikibaki pale ilipo. Kama reli iko mita moja mbele yako, isogelee mpaka ubaki nayo nyuma ya lenzi, au iache nje ya picha.

Kukagua kufanyike palepale, watu wakiwa bado wamesimama. Usiangalie picha nzima, kwa ukubwa wa skrini kila panorama inapendeza. Ikuze, uanzie kushoto ukishuka chini kwenye miguu, kwa sababu uso unaweza kunusurika mshono lakini miguu inayotembea hainusuriki. Hesabu viatu. Kisha hesabu watu. Mimi ningehesabu ningepata kumi na tisa, idadi kamili, nikaridhika: mmoja amezidi, mmoja amepungua. Kwa hiyo baada ya kuhesabu, taja majina kimoyomoyo. Na piga mara mbili, mara ya pili ukianzia upande mwingine, ni nadra utundu uleule ukaangukia mahali palepale.

Picha ile nimejaribu kuiokoa. Mpwa wa kulia alikuwa ukingoni kabisa, nikamkata bila kumgusa mwingine, na sasa yuko mmoja tu, yule mtulivu, ambaye kila anayemfahamu anasema ndiye feki. Kwa mjomba hakuna cha kukata wala kubandika, maana simu haikuwahi kumwona. Makubadhi yake nimeyaacha palepale mchangani, na ameomba picha ichapishwe hivyohivyo, iwekwe sebuleni kwake.